Wanamuita « kamwanamuke »: kicheko kinakatwa namna gani?

Kwenye masomo ya kartiye zetu za wachimbaji, kunakuwaka kila mara mtoto mwanaume mumoja mupole. Anasema na sauti ya chini, hapendi kupigana, anacheza kamba na wasichana. Wenzake wanamubandika jina « kamwanamuke ». Sisi wazazi tunasema: « Ni muchezo ya batoto, atazoea. » Hapana, hazoee. Anaacha kunywa maji asubui, juu anaogopa kwenda ku choo wakati ya rekreasyo, kule mwalimu haoni. Kiisha anaanza kuumwa tumbo kila siku ya masomo, lakini siku ya mungu iko muzima.

Yule anayechekelea anatafuta watu wa kucheka pamoja naye. Kule Kanada, watafiti walitega kamera ku masomo za primere. Kazi yao ilitoka mwaka wa 2001: wakati mwanafunzi mwengine aliingilia kati, zaidi ya mara moja kwa mbili matata ilikatika mu sekunde 10.

Basi wenzake wafanye nini? Tuchukue mfano. Mupira iko inachezwa, mumoja analalamika: « Kamwanamuke, pitisha! » Wengine wanacheka. Rafiki asimurudishie matusi, juu vita itaongeza watazamaji. Amuite mupole kwa jina yake ya kweli, amuambie: « Kuya, tuende kunywa maji », na watoke wawili. Yule mwenye kuogopa kusema, asicheke tu, kiisha, amufuate mwenzake, amuambie: « Ile haikuwa muzuri. » Hiyo nayo inasaidia.

Mwalimu naye akisikia ile jina, aikate palepale, na maneno mafupi: « Hapa kila mutu anaitwa jina yake. » Kiisha aendelee na somo. Asimusimamishe mupole mbele ya klasi juu aeleze. Ni kumuchekesha mara ya pili. Asiwaambie wote wawili wapeane mukono, sababu hawakugombana: mumoja alimuumiza mwenzake. Yule muchekeleaji amuite pembeni, yeye peke yake. Na mwalimu mwenyewe asiseme « lia kama mwanaume », juu kisha hapo klasi yote itajua imepata ruhusa. Wakati ya rekreasyo, atembee karibu na choo na robine.

Inabaki baba. Mwalimu akimuita, amuelezee yale yalifanyika: nani alisema nini, wapi, mara ngapi. Asimuambie « mutoto wako iko kama mwanamuke ». Baba anatoka kariere amechoka, akisikia ile neno anaweza kushika fimbo « juu ya kumukomaza ». Hapo mutoto atakosa fasi mbili, masomo na nyumba. Ule mwenye anafaa kubadilika ni yule anayechekelea.

Wazazi, mutoto akikataa masomo, musiulize « juu ya nini hauwapige? » Muulize: « Wanakuita namna gani kule? »