Namba ya Simu Inayosomeka Kutoka Ng'ambo ya Barabara

Fundi akikosea herufi moja kwenye jina la duka, mteja atafika tu. Akikuta "vifa vya ujenzi" anajua ni vifaa, anaingia na kuulizia misumari. Namba ya simu haitoi nafasi hiyo. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, simu inaita kwa mtu mwingine kabisa, pengine mkoa mwingine, na mwenye duka hatajua kamwe kwamba kuna mteja aliyemtafuta.

Namba za kadi za benki zimewekewa kinga dhidi ya jambo hili. Tarakimu yao ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zilizoitangulia, kwa kanuni iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM, kwa hiyo ukikosea tarakimu moja mashine inaikataa kadi papo hapo. Namba ya simu haina kinga hiyo. Ukiruka tarakimu moja, mtandao utakujulisha kwamba namba haijakamilika. Lakini ukisoma 1 mahali penye 7, mtandao hauna namna ya kujua umekosea, na utakuunganisha. Kinga pekee iliyopo ni jinsi namba ilivyoandikwa ukutani, kwenye bati au kwenye mlango wa gari.

Tuchukue duka la vifaa vya ujenzi lililo kando ya barabara kubwa, lenye bango juu ya mlango na kirikuu cha kupelekea mizigo kwa wateja. Namba yake iwe 0317711186. Nimeianzisha na 03 makusudi, kwa kuwa namba za simu za mkononi za Tanzania huanza na 06 au 07, hivyo hii haitamsumbua mtu. Itazame tena ilivyo hapo juu, tarakimu kumi zimebanana. Katikati kuna saba mbili zikifuatiwa na moja tatu, na jicho linalopita haraka halina pa kusimama ili lihesabu. Mmoja ataandika moja mbili, mwingine nne. Sasa iandike hivi: 0317 711 186. Ule msururu umekatwa mara mbili, na hakuna tena sehemu yenye tarakimu zaidi ya mbili zinazofanana zilizoshikana.

Kugawa namba mafungu ya nne, tatu na tatu kunakwenda sambamba na uwezo wa kichwa. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika kwamba kumbukumbu ya muda mfupi hushika vitu saba hivi kwa mara moja, na kwamba mtu huongeza uwezo huo kwa kufunga vitu vidogo kuwa fungu moja. Tarakimu kumi zilizo peke peke zinazidi kiwango hicho. Mafungu matatu hayazidi. Sikiliza pia watu wanavyotajiana namba: "sifuri tatu moja saba, mia saba kumi na moja, mia moja themanini na sita." Fungu la tatu hutamkwa kama namba moja kamili, na ndivyo linavyokaa kichwani. Kwa sababu hiyo siwaungi mkono mafundi wanaoandika 03-17-71-11-86 ili kujaza upana wa bango. Nafasi zipo, lakini mafungu yamekuwa matano, na hakuna mtu anayeitamka namba kwa mtindo huo.

Anayenakili hapigi picha kwa macho. Huisoma namba, akaitamka kimoyomoyo, kisha akaandika kile alichojisikia akisema. Mwingereza R. Conrad alionyesha mwaka 1964 kwamba watu walioonyeshwa herufi kwa macho, walipotakiwa kuzikumbuka, walizichanganya zile zinazofanana kwa sauti. Kwetu tatu na tano zinaanza kwa sauti moja, vivyo hivyo sita na saba, na nne na nane zimekaribiana mno. Mwenye duka hawezi kubadilisha namba aliyopewa, ila anaweza kumpunguzia msomaji muda wa kuishika kichwani, na jambo hilo hutegemea ukubwa wa maandishi.

Hapo ndipo mabango mengi yanapokwama. Jina la duka hupewa nusu ya bati, picha ya mfuko wa saruji robo, orodha ya bidhaa ikajaza pengine pote, na namba ikasukumwa chini kabisa kwa maandishi ya kidole. Kipimo ninachokiamini ni hiki: kila mita tatu za umbali zinataka sentimita moja ya kimo cha tarakimu. Kimetoka kwenye jicho lenyewe. Mtu mwenye macho mazuri, akipimwa hospitalini kwa ubao wa herufi, hutambua herufi yenye kimo cha karibu milimita tisa kutoka mita sita. Huo ndio mwisho wa uwezo wake, akiwa ametulia, mwanga ukiwa wa kutosha. Barabarani kuna vumbi, jua la machoni, magari yanayokatiza, na wengi wetu hatuna macho ya kiwango hicho. Ukizidisha kimo hicho zaidi ya mara mbili, msomaji anasoma bila kujilazimisha.

Duka letu linatazamana na kituo cha daladala ng'ambo ya barabara, umbali wa mita 30. Tarakimu zinataka kimo cha sentimita 10. Upana wa kila moja uwe kama sentimita sita, unene wa mstari sentimita moja na nusu, na kati ya tarakimu na jirani yake ziachwe sentimita mbili. Baina ya fungu na fungu acha nafasi inayotosha tarakimu nzima, yaani sentimita sita. Jumla ni sentimita 86. Bati lenye upana wa sentimita 120 linaichukua namba hiyo katika mstari mmoja na kubakiza sentimita 17 kila upande. Ukitaka namba ya pili, ipe mstari wake chini. Mtindo wa kuandika tarakimu chache tu baada ya mkwaju, kwa maana kwamba namba ya pili inatofautiana na ya kwanza mwishoni, unawaeleweka waliozoea simu za ofisini. Mpita njia ataunganisha tarakimu zote akapata namba ndefu isiyoita.

Unene wa mstari una pande mbili za hatari. Mwembamba sana hupotea kwa mbali. Mnene sana huziba matumbo ya tarakimu: tumbo la 6 likizibika linafanana na la 8, mdomo wa 3 ukijifunga nayo inakuwa 8, na 5 yenye mkia uliopinda mno inasomeka kama 6. Mafundi wetu wanapenda kuzungushia tarakimu mstari wa rangi nyingine na kuipa kivuli. Kwenye jina la duka inapendeza, wala sina ugomvi nayo. Kwenye namba, kivuli kinaingia katika zile nafasi tupu ambazo jicho linazitumia kutofautisha 3 na 8. Namba iachwe bila madoido. Moja iwe na mdomo mfupi juu, kwa sababu ikirefushiwa mdomo inageuka saba. Saba iwe na paa lililonyooka na mguu ulioinama. Sifuri isikatwe kwa mstari katikati, maana kwa mbali ni nane.

Rangi nayo ina kanuni moja tu, kwamba kitu cheusi kikae juu ya cheupe au njano, au cheupe juu ya bluu iliyokolea. Njano juu ya nyeupe haionekani mchana. Nyekundu juu ya bluu au nyeusi inavutia saa sita, lakini giza linapoanza kuingia jicho huona nyekundu kama rangi iliyofifia, na hapo ndipo watu wanaotoka kazini wanapopita. Kwenye stika zilizochapishwa, wekundu ndio unaowahi kupauka kwa jua.

Kirikuu kina hesabu yake. Gari likienda kilomita 50 kwa saa linapita mita 14 kila sekunde. Aliyesimama kando ya barabara anapata sekunde mbili au tatu, nazo hazitoshi kunakili tarakimu kumi, hata zikiwa kubwa namna gani. Wasomaji halisi wa namba ya gari ni dereva aliye nyuma kwenye foleni, jirani anayetazama mzigo ukishushwa, na mtu anayepita gari likiwa limeegeshwa. Wote wako ndani ya mita 15, kwa hiyo sentimita tano hadi sita za kimo zinatosha.

Tatizo la gari ni mahali pa kuandika. Wengi huandika kwenye mlango wa nyuma wa bodi, ule unaoangushwa wakati wa kupakia. Ukishaangushwa namba imepinduka au imefichika, tena wakati ule ule ambapo jirani anataka kujua ni nani aliyeleta mchanga. Turubai likining'inia linaifunika pia. Iandikwe hapo nyuma kwa ajili ya foleni, na irudiwe kwenye milango yote miwili ya kichwa cha gari, juu ya usawa ambapo matope ya tairi hufika. Isipite kwenye kitasa wala kwenye maungio ya bati, kwa kuwa mfereji wa bati ukikatiza 0 unaigeuza 8.

Lori linalovuka Tunduma au Rusumo linahitaji kitu kimoja zaidi. Mtu wa Zambia au Rwanda akipiga namba inayoanza na sifuri, mtandao wa kwao utaichukulia kuwa ni ya nchini kwao. Iandikwe +255 317 711 186, na ile sifuri iondolewe. Nimeona magari yenye +2550 mwanzoni, na mengine yenye sifuri ndani ya mabano. Anayefuata maandishi hayo kama yalivyo hapati simu.

Maduka mengi siku hizi yana pia namba ya kulipia. Isikae chini ya namba ya simu kwa rangi na ukubwa ule ule, watu wataipigia. Ipelekwe ndani, karibu na kaunta, mahali pesa inapotolewa.

Makosa mengine huzaliwa kabla brashi haijaguswa. Namba inayotajwa kwa mdomo penye kelele za grainda na pikipiki hufika kwa fundi ikiwa na tano palipokuwa na tatu. Mpelekee kwa ujumbe wa simu, ikiwa imeshagawanywa mafungu, na umwambie azifuate nafasi hizo. Akimaliza kuchora kwa chaki au penseli, kabla ya rangi, usiikague wewe. Unaijua namba yako, na macho yako yatakuonyesha kile unachokitarajia. Mwombe mtu asiyeijua, mpanda bodaboda wa kijiweni au muuza matunda, asimame pale kituoni ng'ambo, aiandike kwenye simu yake moja kwa moja kutoka kwenye bati, kisha aipige. Simu yako isipoita, linganisheni alichoandika na kilichochorwa, tarakimu kwa tarakimu kuanzia ya mwisho kurudi nyuma. Pale mnapotofautiana ndipo fundi apafute na kupachora upya.