Gamiz za Nywele: Cheki Nyuma ya Chupa Kabla Umwage Doo

Mwaka jana binamu yangu, manzi wa Umoja, alirudi nyumbani na karatasi ya labu akiwa amenyamaza vibaya. Alikuwa ameenda kupimwa kwa sababu ya uchovu tu, lakini majibu yakasema tezi yake ya thairoidi, ile ya shingoni, inafanya kazi kupita kiasi. Alishaanza kugugo magonjwa akiwa kwa mathree.

Alipompelekea daktari hiyo karatasi, daktari hakukimbilia kuandika dawa. Aliuliza swali moja: "Kuna kitu unakula cha nywele ama kucha?" Binamu akachomoa chupa kwa pochi. Gamiz za pinki, tamu, zenye picha ya nywele ndefu zinang'aa. Akaambiwa aziache kwa wiki moja kisha apimwe tena. Alipopimwa, thairoidi ilikuwa fiti kabisa. Kumbe haikuwahi kuwa mgonjwa.

Kinachouma ni kwamba chupa yenyewe ilikuwa imeandika namba iliyoleta hiyo soo yote. Iko pale nyuma, kwa kile kiboksi chenye maandishi madogo. Nilimwomba hiyo chupa, na hivi ndivyo kiboksi kinasoma:

```
Serving Size: 2 Gummies
Servings Per Container: 30

Amount Per Serving            % Daily Value
Added Sugars    4 g             8%
Vitamin A       900 mcg RAE     100%
Vitamin C       18 mg           20%
Biotin          10,000 mcg      33,333%
Hair Blend      150 mg          †

† Daily Value not established.
Other Ingredients: Glucose syrup, sugar,
water, gelatin, citric acid, flavor, color.
```

Tuanze na mstari wa juu, maana huo ndio unaamua maana ya mingine yote. Seving ni kile kipimo ambacho kampuni imeamua kukihesabu kama mara moja. Hapa ni gamiz 2. Mstari unaofuata unakuambia seving ziko 30. Kwa hivyo chupa ina gamiz 60, lakini ni ya siku 30, si siku 60.

Binamu alikuwa ameinunua 2,400 akijua atakaa nayo miezi miwili. Gawa hiyo doo kwa 30 upate bei ya ukweli: bob 80 kwa siku. Duka lilo hilo lilikuwa na chupa ingine ya tembe 60 kwa 1,800, na seving yake ilikuwa tembe 1. Hiyo ni bob 30 kwa siku. Ukilinganisha chupa kwa hesabu ya vidonge vilivyo ndani unaweza kuchezwa mchana kweupe, kwa hivyo linganisha kwa seving.

Kuna mtego mwingine hapo. Kwa vile hizi kitu ni tamu kama peremende, binamu hakuwa anakula 2. Alikuwa anakula 4, wakati mwingine 5 akiangalia muvi. Namba zote kwa kiboksi ni za seving moja, kwa hivyo ukila gamiz 4, ongeza kila mstari mara mbili. Bayotini inakuwa 20,000. Vitamini A inatoka 900 inaenda 1,800, na yeye alikuwa pia anameza multivitamini yenye 900 nyingine. Jumla 2,700.

Hiyo ya vitamini A si ya kupuuza. Kwa chupa hii ilikuwa aina ya retinoli, ambayo mwili huweka akiba kwa ini badala ya kuikojoa. Kikomo cha mtu mzima kwa aina hiyo ni mikrogramu 3,000 kwa siku, na hapo bado hatujahesabu chakula. Mwenye mimba ndiye anafaa kuwa makini kabisa, kwa sababu retinoli ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Ukiwa unameza saplimenti mbili tofauti, ziweke kando kwa kando na ujumlishe mistari inayofanana.

Sasa vipimo. Herufi "mg" ni miligramu, "mcg" ni mikrogramu, na miligramu 1 ni mikrogramu 1,000. Wauzaji wanapenda sana mikrogramu kwa sababu namba inaonekana kubwa. Chupa moja ikiandika bayotini 10 mg na nyingine 10,000 mcg, ni kitu kimoja kabisa. Na usishindane na ile namba ya mbele ya chupa kabla uone seving. Hapa mbele imeandikwa 10,000 kwa herufi kama za bango, lakini gamu moja ina 5,000 tu.

Tukuje kwa ile asilimia. Safu ya kulia inakuonyesha kipimo hicho ni sehemu gani ya kiasi ambacho mtu wa kawaida amepangiwa kwa siku. Vitamini C ni 20%, yaani imekupa moja ya tano, na iliyobaki utoe kwa machungwa na sukuma. Hiyo safu hutumia viwango vya Marekani, vinavyowekwa na FDA. Chupa ikitoka Uropa utaona viwango vyao tofauti, na asilimia zitabadilika hata kama kilicho ndani ni kilekile. Mfano ni bayotini: Marekani wanahesabu mikrogramu 30 kwa siku, Uropa 50. Ukitaka kulinganisha chupa ya huku na ya kule, achana na asilimia na usome gramu zenyewe.

Basi rudi kwa mstari wa bayotini. 33,333%. Hapana, si makosa ya printa. Ni 10,000 ukigawa kwa 30. Yai moja lililopikwa lina bayotini kama mikrogramu 10, kwa hivyo mayai matatu yanakumalizia siku. Gamiz mbili za binamu zilikuwa sawa na mayai elfu moja. Treya thelathini na tatu na mayai kumi juu, kila siku, kwa ajili ya nywele. Kipande kidogo cha maini ya ng'ombe, gramu 85 hivi, pia kinamaliza hiyo 30. Watu wachache sana wanakosa bayotini, na kwa mtu ambaye hajakosa, ushahidi kwamba kuongeza kunarefusha nywele ni mdogo sana.

Msee atauliza: kama ni nyingi hivyo, mbona haikumdhuru? Kwa sababu bayotini huyeyuka kwa maji na ya ziada mwili huitoa kwa mkojo. Hata hakuna kikomo rasmi kilichowekwa, maana haijaonekana kuwa sumu. Noma iko kwa labu, si kwa mwili.

Mashine nyingi za kupima homoni hutumia bayotini kama gundi. Kemikali za kipimo zimefungwa kwa bayotini, na ndani ya mashine kuna kitu kinachoishika kwa nguvu. Fikiria mathree yenye viti 14 vilivyowekewa abiria maalum. Ukija na damu iliyojaa bayotini ya gamiz, abiria wengine wanaingia mbio na kukalia viti vyote, na wale waliofaa kuhesabiwa wanaachwa steji. Mashine haijui. Inahesabu ilichopata na kuandika majibu ya uongo kwa ujasiri wote. Vipimo vingine vinatoka chini kuliko ukweli na vingine juu, kulingana na vile kipimo kimeundwa. Kwa thairoidi homoni moja inaweza kushuka na nyingine kupanda, na karatasi ikafanana kabisa na ya mgonjwa.

Kwa binamu ilikuwa stress ya wiki moja. Kwa wengine imekuwa mbaya zaidi. Kuna kipimo cha troponini, ambacho hospitali hutumia kujua kama moyo wa mtu umeumia. Bayotini nyingi inaweza kukishusha, mtu akaonekana yuko sawa wakati hayuko. FDA ilitoa onyo kuhusu jambo hili Novemba 2017, ikasema ilipokea ripoti ya mgonjwa aliyefariki baada ya kipimo cha troponini kutoa majibu ya chini yasiyo ya kweli, naye alikuwa akitumia bayotini nyingi. Ikarudia onyo mwaka wa 2019. Si kila mashine ina hii shida, lakini wewe ukiwa kwa foleni ya labu huwezi kujua yao ni gani.

Chini ya bayotini kuna ule mchanganyiko wa nywele, miligramu 150, na kialama kama msalaba mahali pa asilimia. Kialama hicho kinasema hakuna kiwango cha siku kilichowekwa kwa kitu hicho. Hakisemi kwamba ni kibaya, wala kwamba ni kizuri. Mimi shida yangu ni neno mchanganyiko. Kampuni inaruhusiwa kukupa uzito wa jumla bila kusema kila kitu ndani kina kiasi gani. Unaweza kuta majina sita ya mimea kwa hiyo miligramu 150, na la kwanza likabeba karibu uzito wote. Hayo mengine yako hapo kupamba lebo.

Mwisho kabisa ni viungo vingine, ambavyo wengi huruka. Hivi hupangwa kwa uzito, kizito kikitangulia. Angalia cha kwanza na cha pili: sharubati ya glukosi na sukari. Yaani gamiz hizi kwanza ni peremende, halafu ndio vitamini. Gramu 4 za sukari si nyingi kwa seving moja, ila ukila mara mbili ni 8, karibu vijiko viwili vya chai.

Cha nne ni jelatini, na hapa ndugu zetu Waislamu wafungue macho. Jelatini hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, mara nyingi nguruwe ama ng'ombe, na lebo ikisema jelatini tu bila kutaja mnyama, huwezi kujua. Tafuta alama ya halali, ama chagua gamiz za pektini, ambayo hutoka kwa matunda. Mtu mwenye aleji ya soya, maziwa ama njugu pia asome mpaka hapa chini, maana ndipo hutajwa.

Kama sai unatumia bayotini na una kipimo wiki hii, madaktari wa thairoidi wa Marekani wanashauri uiache angalau siku 2 kabla ya damu kutolewa, na ukiwa kwa dozi kubwa uulize labu kama zinatosha. Ikiwa ni emajensi ya kifua, usingoje siku yoyote, kimbia hospitali na uwaambie ukifika mlangoni. Binamu siku hizi ana picha ya kile kiboksi kwa simu, na akiingia kliniki anaionyesha kabla hata aulizwe. Gamiz zenyewe alizimaliza dadake mdogo, zikiwa mbili mbili.