Kunakili Wosia Bila Kuugawa Upya

Marehemu ameacha wosia wa kurasa mbili, kwa mkono wake, na wasimamizi wa wosia wanataka nakala iliyochapwa ili wote wasome kitu kimoja. Chukua mfano wa kifungu hiki, kilichoandikwa bila koma hata moja: “Shamba la eka 6 nimempa mwanangu mkubwa na dada yake na watoto wake wagawane sawa.”

Dada ana watoto wanne. Wakigawana kwa vichwa, kila mmoja wa wale sita atapata eka moja. Watoto wakihesabiwa fungu moja, mafungu ni matatu ya eka mbili mbili. Wakiwa chini ya mama yao, mkubwa atachukua eka tatu. Tena huenda “watoto wake” ni wa huyo mkubwa. Mnakili akichomeka koma baada ya “dada yake” ili sentensi isomeke vizuri, ameshaanza kugawa shamba.

Kwa hiyo nakala hufuata asili mstari kwa mstari, na mistari hupewa namba. “Shaba” lililokusudiwa kuwa “shamba” hubaki “shaba”. Kompyuta huzimwa kisahihisha tahajia, kwa sababu hubadilisha maneno kimyakimya. Kila neno la mnakili hukaa ndani ya mabano ya mraba: [halisomeki], [limekatwa: “mbili”], [limeongezwa juu ya mstari]. Tarakimu inayoweza kuwa 1 au 7 huandikwa [1 au 7?].

Maneno yaliyokatwa hayaachwi. Nchini Kenya, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hutaka wosia wa maandishi ushuhudiwe na watu wasiopungua wawili, na badiliko lililofanywa baada ya kutiwa saini halina nguvu mpaka nalo litiwe saini na kushuhudiwa. Mnakili akiruka neno lililokatwa, huenda amefuta neno ambalo bado lina nguvu kisheria.

Shaka zote huandikwa kwenye karatasi ya pembeni: “Mstari wa 9: haijulikani ‘watoto wake’ ni wa nani, wala kama mgawo ni kwa vichwa au kwa mafungu.” Mnakili huishia hapo. Hata kama alimjua marehemu, haandiki “nadhani alimaanisha”. Wasimamizi hupeleka suala kwa wakili, na wahusika wasipokubaliana, mahakama huamua.

Mwisho watu wawili hulinganisha: mmoja anasoma asili kwa sauti, pamoja na alama na makosa, mwingine anafuatilia nakala. Karatasi ya asili haiandikwi chochote, wala pini zake hazing’olewi, maana tundu tupu huzusha swali kama kuna ukurasa uliotolewa. Hiyo ndiyo inayopelekwa mahakamani. Nakala ni ya kusaidia kuisoma tu.