Kulala na Kulaza kwa Kiingereza

Mpwa wangu yuko kidato cha pili. Jioni moja aliniletea daftari lake la Kiingereza akiwa na huzuni, kwa sababu sentensi moja tu ilikuwa imezungushiwa wino mwekundu mahali patatu. Alikuwa ameandika hivi:

"After I had laid the baby on the mat, I laid down beside him, and my phone was laying on the floor."

Maana yake ilieleweka: alimlaza mtoto kwenye mkeka, naye akalala kando yake, na simu yake ilikuwa sakafuni. Msahihishaji alikuwa amefuta "laid" ya kwanza akaandika "lain" juu yake. "Laid" ya pili aliigeuza kuwa "lay", na "laying" akaifanya "lying". Nilisoma mara mbili, nikamwambia mpwa wangu kwamba masahihisho mawili yalikuwa ya haki, ila lile la kwanza lilikuwa limeharibu neno lililokuwa sahihi tangu mwanzo.

Nilimwomba aache kwanza Kiingereza anijibu kwa Kiswahili: kulala na kulaza vina tofauti gani? Alinitazama kana kwamba namtania. Kulala unalala mwenyewe, akasema, kulaza unamlaza mtu. Basi "lie" ni kulala, na "lay" ni kulaza. Ulinganifu huu si wa kubahatisha. Wazungumzaji wa Kiingereza cha kale, zaidi ya miaka 1000 iliyopita, walikuwa na kitenzi "licgan", kulala, na kando yake "lecgan", kulaza. Cha pili kilitokana na cha kwanza kwa njia ileile tunayoiita kauli ya kutendesha, ile inayotupa jaza kutoka jaa na angusha kutoka anguka. Sisi tunabadili konsonanti mwishoni. Wao walibadili irabu ya katikati. Mabaki ya desturi hiyo bado yapo: "sit" ni kukaa na "set" ni kukalisha kitu mahali pake, "rise" ni kuinuka na "raise" ni kuinua. Mwingereza wa leo hana tena kauli hai ya kutendesha ya namna hiyo, kwa hiyo hasikii undugu wa maneno haya. Mtoto wa Kiswahili anausikia kila siku, na inanisikitisha kwamba darasani mara nyingi hapewi nafasi ya kuutumia.

Tatizo halisi linakuja kwenye wakati uliopita. Kitenzi cha kulala huenda hivi: leo "lie", jana "lay", na baada ya "have" au "had" huwa "lain". Kitenzi cha kulaza huenda "lay", "laid", "laid". Tazama neno "lay" lilivyokaa kotekote. Ni kulaza kwa leo, na papo hapo ni kulala kwa jana. Mtu aliyezoea kwamba "lay" ni kulaza akiliona kwenye simulizi la jana hudhani limekosewa, analiongezea sauti ya "d" mwishoni, anapata "laid". Masikio nayo yanamsaliti, maana "lay down" na "laid down" zikitamkwa kwa kasi hazitofautiani. "D" ya "down" inaimeza ile nyingine. Kiingereza kina mtego mwingine wa aina hiyohiyo: "fell" ni jana ya kuanguka, lakini pia ni kitenzi cha kuangusha mti, ambacho jana yake ni "felled". Huo hauwasumbui watu sana kwa sababu miti haiangushwi kila siku. Kulala tunalala.

Tukarudi kwenye daftari. Mahali pa kwanza: "had laid the baby". Nilimuuliza, umemlaza nani? Mtoto. Mtendwa yupo, kwa hiyo ni kulaza, na baada ya "had" kulaza huwa "laid". "Had lain the baby" ni sawa na kusema "nilikuwa nimelala mtoto". Kosa la msahihishaji ninalifahamu: mtu akishafundishwa kwamba watu wengi hutumia "laid" vibaya, huanza kuishuku kila anapoiona.

Mahali pa pili: "I laid down beside him". Ulimlaza nani? Hakuna. Ni kulala, wakati ni jana, basi "I lay down". Hapa mpwa wangu alinibana vizuri. "Lakini mjomba, mimi nilijilaza." Kweli, kwa Kiswahili mara nyingi tunajilaza, na kile kiambishi cha -ji- ndicho mtendwa. Kwa Kiingereza angeweza kuandika "I laid myself down", na ingekuwa sarufi safi kwa sababu "myself" inafanya kazi ya -ji-. Ikiondolewa "myself", "laid" haina tena wa kumlaza.

Mahali pa tatu panaonyesha kipimo chetu kinapoishia. Kwa Kiswahili simu hailali sakafuni, ipo sakafuni. Kiingereza husema vitu vinalala: kitabu kinalala mezani, hata kisiwa kinalala karibu na pwani. Kwa vitu, jiulize kama Kiswahili kingetumia "kipo" au "ameweka". Kwenye "kipo" ni "lie". Kwenye "kuweka" ni "lay". Simu ilikuwapo tu, kwa hiyo "was lying". Angeandika kwamba aliiweka sakafuni, ingekuwa "I laid my phone on the floor".

Sentensi safi ikawa: "After I had laid the baby on the mat, I lay down beside him, and my phone was lying on the floor."

Kuna mambo mawili ambayo kipimo cha kulala na kulaza hakiyafikii. La kwanza, kwetu kulala ni pia kusinzia, ilhali "lie" ni kujinyoosha tu. Mtu anaweza kuandika "I lay awake", alikuwa kitandani macho wazi. La pili, mgonjwa wetu hulazwa hospitalini, lakini Kiingereza hakitumii "laid" hapo, husema "admitted".

Yupo pia "lie" wa tatu, yule wa kusema uongo. Huyu si ndugu wa kulala, amefanana naye sura tu, na jana yake ni "lied". Ndiyo maana "he lied on the bed" humfanya msomaji afikirie mtu aliyesema uongo akiwa kitandani.

Mpwa wangu aliuliza kwa nini basi kwenye nyimbo na filamu anasikia "lay down" hata kwa mambo ya leo. Anasikia sawasawa. Wenye lugha yao wamekuwa wakilitumia "lay" kwa maana ya kulala kwa karne nyingi. Mshairi Byron alifanya hivyo mwaka 1818 akitafuta kina, na Bob Dylan aliliweka kwenye jina la wimbo wake wa mwaka 1969, "Lay Lady Lay". Mitaani haliwashangazi watu. Kwenye mtihani na barua ya kazi bado linahesabiwa kosa.

Kesho yake alirudi shuleni na daftari, akamwomba msahihishaji kwa heshima aitazame tena ile "laid" ya kwanza.