Siku moja ya jeran: watu, habari na maamuzi

Katika koperative nyingi wanamemba wanauliza: jeran wa kituo cha kuosha kahawa anafanya nini mchana kutwa? Wengine wanamuona akisimama tu, akiongea na telefone. Ili tujibu vizuri, msimu huu tulikaa na mama jeran mmoja katika teritware ya Kalehe tangu asubuhi mpaka usiku. Kila alichofanya tulikiandika ndani ya kaye.

Njia hiyo hatukuianzisha sisi. Mtaalamu wa Kanada, Henry Mintzberg, alifuata wakubwa watano wa mashirika, kila mmoja kwa juma moja, na mwaka 1973 akatoa kitabu juu ya kazi yao. Alihesabu kazi kumi, akazipanga katika makundi matatu: kazi za watu, kazi za habari na kazi za maamuzi. Tuone sasa siku ya mama huyu.

Saa kumi na mbili asubuhi alipita kwanza kwenye matanga ya memba mmoja, akasimama pale kwa jina la koperative. Kisha akawapanga wafanyakazi: hawa kwenye mizani, hawa kwenye meza za kuanikia. Halafu akamupigia jeran wa koperative ya jirani kumusalimia na kujua kazi yao inaendaje. Hizo tatu ni kazi za watu: kuwakilisha, kuongoza, kuunganisha.

Saa moja mekanisie akamwambia: "Mama, kurua ya mashine inaanza kukatika."

Mama akajibu: "Itafika jioni tu," akarudi kwenye mizani.

Hapa tuko katika kazi za habari. Nazo ni tatu: kutafuta habari, kuigawa kwa wenzako, na kuisema inje, kwa komite au kwa wanunuzi. Mama aliipokea habari ya kurua, lakini hakuigawa. Prezida hakujua, na muchungaji wa feza hakujua.

Siku ile waliingiza kilo 1.800 za kahawa nyekundu. Mashine yao inamenya kilo 400 kwa saa. Walianza saa nane, na saa kumi kurua ikakatika. Kilo 800 zilikuwa zimemenywa, zikabaki 1.000. Kahawa nyekundu inapaswa kumenywa siku ileile. Ikilala katika rundo inapata moto, inaanza kuchacha, na unaijua kwa harufu ya siki.

Sasa kazi za maamuzi zikamuangukia zote pamoja. Kuzima moto wa tatizo: alimupigia jeran wa jirani, akaazima mashine ya mkono inayomenya kilo 120 kwa saa. Kugawa nguvu: akaweka watu wa kupokezana mpaka usiku, wakamaliza kilo 600. Kujadiliana: akapatana bei na motari alete kurua kutoka Bukavu asubuhi. Kilo 400 zilizobaki akaziweka ndani ya maji safi, zimenywe mapema na zikae kama loti ya pembeni, zisiharibu nyingine. Loti hiyo inaweza kushuka bei.

Kazi ya inne ya maamuzi ni kuleta mabadiliko. Ilikuja kesho yake: komite ilikubali kununua kurua ya akiba, na mama akaweka sheria kwamba hali ya mashine inaambiwa prezida kila asubuhi, mbele ya mizani kufunguliwa.

Tuliporudia kaye yetu, tuliona kwamba mama aliamua vizuri, na kazi za watu zilimusaidia: kama hangekuwa na mazoea na jirani, mashine ya mkono ingetoka wapi? Shida ilikuwa kati ya saa moja na saa nane. Habari ilikuwa imeingia, haikutoka. Kurua ingetafutwa asubuhi, pengine kilo 400 zile hazingelala.

Na ninyi mnaweza kufanya hivi. Mtu mmoja wa komite amufuate jeran siku moja, kwa ruhusa yake, aandike saa, alichofanya na kundi lake. Jambo moja linaweza kuingia makundi mawili; ile telefone ya asubuhi ilikuwa ya watu na ya habari. Msimuhukumu jeran kwa siku moja, kwa sababu siku ya mavuno haifanani na siku ya kulipa wanamemba. Wekeni alama kwa kila habari iliyoingia, kisha muulizane: ilimufikia nani, na saa ngapi?