Faili ya WhatsApp imejificha wapi kwa simu yako?

Umewahi kusimama saiba saa kumi na nusu, maombi ya kazi yanafungwa saa kumi na moja, na mwenye saiba anakuuliza, "Bosi, faili iko wapi?" Mimi yamenipata. Fomu ya PDF niliiona vizuri kwa WhatsApp, lakini simu ilipochomekwa kwa kompyuta nilitafuta kwa folda ya Download mpaka nikatoka jasho. Haikuwa huko.

Kumbe WhatsApp ina stoo yake. Kwa simu nyingi za Android 11 kuendelea, fuata njia hii:

```
Android/media/com.whatsapp/WhatsApp/Media
```

Ndani utapata folda kadhaa. Fomu, barua na PDF huingia WhatsApp Documents, na picha huingia WhatsApp Images. Kwa simu za zamani, folda ya WhatsApp huwa pale nje tu, ukifungua hifadhi ya simu.

Sasa tuihamishe. Kwanza fungua faili ndani ya gumzo. Ukiona bado ina mshale wa kupakua, haijafika kwa simu, na hakuna folda itakayokuonyesha. Kisha chomeka waya wa USB, fungua loki ya simu, shusha arifa kutoka juu, gusa ile ya USB na uchague File transfer. Usipofanya hivyo, simu itachaji tu na kompyuta itaonyesha folda tupu, au isionyeshe kitu. Ukikosa hata hiyo arifa, badilisha waya, maana kuna waya za kuchaji pekee.

Kwa kompyuta ya Windows, ingia This PC, bonyeza jina la simu yako, halafu ufuate ile njia. Majina yasikuchanganye: picha iitwayo IMG-20250314-WA0007.jpg ni ya tarehe 14 Machi 2025. Usikumbuke jina, tafuta tarehe. Kama bado hujaiona, panga faili kwa tarehe, mpya ije juu.

Ukiipata, tumia Copy, usitumie Cut. Ukiitoa kwa folda yake, ujumbe utabaki kwa gumzo lakini faili haitafunguka tena, na itabidi umsumbue aliyekutumia.

Jambo la mwisho, na hili ndilo wasee wengi husahau. Hiyo kompyuta si yako. Fomu ina nambari yako ya kitambulisho na ya simu. Ukishatuma, futa nakala uliyoweka, kisha utoe yote kwa Recycle Bin kabla hujalipa na kuondoka. Siku ile mimi nilituma ikibaki dakika nne, nikakimbilia matatu. Nilirudi kesho yake kufuta. Fomu yangu ilikuwa bado pale kwa skrini, kila mteja akiiona.