Ndege Ikifutwa Marekani, Dai kwa Mkataba

Ndege ya ndani ya Marekani ikichelewa saa 6 kwa sababu ya hitilafu ya injini, hakuna sheria inayolilazimisha shirika kuwalipa abiria fidia. Ulaya sheria hiyo ipo tangu mwaka 2004, na malipo yake ni kati ya euro 250 na 600. Marekani hata mlo na chumba cha kulala vimeachiwa ahadi za shirika lenyewe. Ahadi hizo zimo katika masharti ya usafirishaji ambayo kila anayenunua tiketi huyakubali, mara nyingi bila kuyasoma.

Masharti hayo yana nguvu mahakamani. Mwaka 1995, katika kesi ya American Airlines dhidi ya Wolens, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba majimbo hayawezi kuyatungia mashirika ya ndege kanuni zao ya huduma, lakini abiria anaweza kulishtaki shirika kwa kuvunja ahadi liliyoiandika lenyewe. Kwa hiyo anayedai kwa kusema “si haki” hana pa kushika, ila anayetaja kifungu cha mkataba anadai deni.

Kwenye tovuti za mashirika hati hiyo huitwa Contract of Carriage au Conditions of Carriage. Ipo pia ya pili, Customer Service Plan, ambayo kanuni za serikali zinalitaka shirika liitimize. Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ilianza kuchapisha jedwali la ahadi za mashirika makubwa mwezi Septemba 2022. Ahadi ya kawaida ni mlo pale abiria anaposubiri saa 3 au zaidi, na karibu yote huahidi hoteli na usafiri wa kwenda na kurudi endapo atalala njiani.

Sharti kubwa ni moja: chanzo kiwe ndani ya uwezo wa shirika. Ubovu wa ndege, upungufu wa marubani au wahudumu, na mfumo wa kompyuta ulioanguka vinahesabiwa humo. Dhoruba na amri za waongoza ndege hazimo. Tatizo ni kwamba chanzo kinaweza kubadilika. Desemba 2022 shirika la Southwest lilifuta safari zipatazo 16,900. Kilichoanza ni dhoruba ya theluji, lakini mashirika mengine yaliporudi angani, Southwest liliendelea kukwama kwa sababu mpangilio wa wafanyakazi wake ulivurugika. Shirika lilirejesha nauli na gharama za abiria, na mwaka uliofuata wizara ikalitoza adhabu ya dola milioni 140.

Chukua abiria anayetoka Minneapolis kwenda Columbus kupitia Chicago. Saa 3 usiku ndege ya pili inafutwa kwa kuwa wahudumu wamemaliza saa zao za kazi. Kwanza aulize sababu na aihifadhi: picha ya ubao, ujumbe wa simu, jibu la karani. Kisha aombe vocha ya chakula na ya hoteli, akionyesha kifungu chenyewe kwenye simu. Akiambiwa vyumba vimekwisha, aombe jibu hilo kwa maandishi, atafute hoteli ya bei ya wastani, na atunze risiti zenye mchanganuo. Pombe asiiweke kwenye dai.

Siku inayofuata aandike barua fupi: namba ya ndege, tarehe, sababu aliyopewa, kifungu, na kiasi anachodai. Shirika lina siku 30 za kukiri kupokea na 60 za kutoa jibu kamili. Likikataa, anaweza kupeleka malalamiko wizarani au kufungua shauri katika mahakama ya madai madogo.

Mipaka ipo. Masharti mengi hayatoi chumba kwa abiria aliyekwama katika mji anakoishi. Anayeamua kuacha safari na kurudishiwa nauli kwa kawaida hupoteza hoteli, hivyo achague kwanza anachokihitaji zaidi.

Kuhusu nauli, hapo sheria inasaidia. Tangu Oktoba 2024, safari ikifutwa, au ikichelewa saa 3 kwa safari za ndani na saa 6 kwa za kimataifa, abiria anayekataa safari mbadala arudishiwe fedha, hata kama chanzo ni hali ya hewa. Aliyelipa kwa kadi ya mkopo hurejeshewa ndani ya siku 7 za kazi. Akipewa pointi au vocha badala ya fedha, ana haki ya kukataa.

Kabla ya kwenda uwanjani, pakua masharti ya shirika lako na usome kifungu cha ucheleweshaji. Weka nakala kwenye simu, kwa sababu usiku wa mkwamo mtandao wa uwanja huzidiwa.